Kutoka "wewe ni mwizi" hadi dola 168: kuipoza barua bila kuyapoza madai

Nina kibanda cha kuchapa na kufotokopia hapa Lubumbashi, si mbali na ofisi ya komine, yaani serikali ya mtaa. Wateja wengi hawaniletei barua, wananiletea hasira na kutaka niichape. Juni 2024 aliyekuja ni mdogo wangu mwenyewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akanisukumia simu yake, akasema: "Yaya, chapa hivyo hivyo, usitoe hata neno moja."

Kwenye simu aliandika hivi:

> Papa wewe ni mwizi mkubwa. Kila siku unanidanganya. Eti ngoja mpangaji mwingine, mpangaji ameingia, feza yangu iko wapi? Umekula garanti yangu na yule bibi yako wa pili. Kioo kimoja tu, nacho kilipasuka zamani mbele sijaingia. Eti rangi! Nyumba yenyewe ilivuja mvua nzima, godoro langu likaoza, sikukudai hata franka moja. Ukidhani mimi ni mtoto utaona. Nitakuletea polisi, nitatangaza jina lako Katuba yote. Ninyi watu wa kwenu ndivyo mlivyo. Mungu anakuona. Nataka feza yangu LEO.

Kwa msomaji asiyeishi Kongo: garanti ni feza ambayo mpangaji anamwachia mwenye nyumba siku ya kuingia, na anarudishiwa akitoka, baada ya kuondolewa gharama ya alichoharibu. Sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015 imeiwekea mpaka wa kodi ya miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Ila mtaani, wenye nyumba wengi huitumia feza hiyo mapema, kisha humlipa anayetoka kwa garanti ya anayeingia. Ndipo lile neno "ngoja mpangaji mwingine" linapotoka.

Mdogo wangu alikuwa na haki. Alikodi kwa dola 60 kwa mwezi, akaacha garanti ya dola 180, akaishi miezi 14, akatoka bila deni. Lakini ukiisoma tena hiyo barua yake utaona kwamba dola 180 hazimo. Haina kiasi wala tarehe hata moja. Mwenye nyumba angeijibu yote kwa sentensi moja, "Unanitukana mimi mtu mzima?", na kuanzia hapo mazungumzo yangekuwa juu ya tusi, garanti ikasahaulika.

Acha hasira iandikwe, ila mahali pasipo na namba ya mtu

Simkatazi mtu kuandika kwa hasira. Hasira inakumbuka mambo ambayo utulivu unayasahau, kama lile bati lililovuja, ambalo baadaye lilituokoa. Kosa la mdogo wangu lilikuwa kuandika ndani ya WhatsApp, kwenye ukurasa wa yule mzee mwenye nyumba, kidole kikiwa karibu na kitufe cha kutuma. WhatsApp inakuruhusu kurekebisha ujumbe ndani ya dakika 15 tu, na alama inabaki kwamba umerekebishwa. Ukiufuta kwa wote, mahali pake panabaki maandishi kwamba kulikuwa na ujumbe uliofutwa, na mtu akiona hayo anawaza mabaya kuliko uliyoandika.

Basi tuliihamisha kwenye daftari. Nilimnakilia kwa kalamu, kila sentensi na mstari wake, nikiacha mistari miwili mitupu chini ya kila moja. Hiyo mistari mitupu ndiyo tutakayoifanyia kazi.

Chini ya kila sentensi, andika kilichotokea

Swali ni moja, unaliuliza kwa kila mstari: ungekuwepo na kamera siku hiyo, ingeonyesha nini? Kamera haionyeshi wizi, udanganyifu wala dharau. Inaonyesha mtu akisema jambo fulani tarehe fulani, na tarehe hiyo ikipita.

"Kila siku unanidanganya." Nilimuuliza: alikuambia nini, na lini? Akafungua simu. Mzee aliahidi kulipa tarehe 15 Mei. Tarehe 16 akasema mwisho wa mwezi. Tarehe 31 Mei ikapita kimya. Kwa hiyo chini ya "kila siku" tuliandika ahadi mbili na tarehe zake. Ajabu ni kwamba mbili zina uzito kuliko kila siku. "Kila siku" mtu anaweza kukanusha, ila tarehe 15 Mei imeandikwa kwenye simu yake mwenyewe.

"Umekula garanti yangu na yule bibi yako wa pili." Hapa kamera haina kitu. Mdogo wangu alisikia kwa majirani. Alichokiona kwa macho yake ni kwamba tarehe 3 Juni mpangaji mpya alihamia, na gari la vyombo lilisimama mlangoni. Je, huyo mpangaji alilipa garanti? Alijibu, "Lazima alilipa." Lazima si kuona. Tuliandika tu kwamba nyumba ina mpangaji tangu tarehe 3 Juni, tukamwachia mzee mwenyewe amalizie hesabu kichwani. Nakushauri usipite alichokiona jicho lako hata kwa hatua moja, kwa sababu yule unayemwandikia atatafuta sentensi moja ya uongo ili azikatae zote.

"Kioo kilipasuka zamani mbele sijaingia." Nilimtazama. Akainamisha kichwa, akacheka kidogo. Kioo kilivunjwa na mtoto wake kwa mpira, mwezi wa Machi. Hasira ilikuwa imeongeza uongo kidogo ili kesi inone. Karibu kila barua ya hasira ninayochapa ina kitu kama hiki, na mara nyingi kinakaa kwenye neno "tu": kioo kimoja tu, nilichelewa siku moja tu, nilisema neno dogo tu. Ukiliona, simama hapo. Upande wako dhaifu uutaje wewe mwenyewe, na bei yake. Fundi alikuwa ameomba dola 12, kioo pamoja na kazi. Tukaandika: 180 toa 12, zinabaki 168. Tangu dakika hiyo tulikuwa na kiasi cha kudai, na mzee hakuwa tena na kitu cha kutufichua.

"Nyumba ilivuja, godoro likaoza." Hapa tulikaa muda mrefu, maana lilikuwa dai la kweli. Godoro liliharibika kweli, lakini hakulipiga picha wala hakumwambia mzee wakati ule, na halihusiani na garanti. Ukiliingiza, barua moja inabeba kesi mbili, na ile isiyo na ushahidi inaichafua ile iliyo nao. Ila kuvuja kwenyewe lilikuwa jambo lingine. Mzee alikuwa anataka kukata dola 50 za rangi kwa ajili ya doa la ukutani. Doa hilo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye bati lililovuja. Na kwenye simu kulikuwa na picha ya ukuta uliolowa, aliyomtumia mzee tarehe 11 Januari, na jibu la mzee: "Nitatuma fundi." Fundi alikuja Februari, akaziba. Godoro tukaliacha, bati tukalichukua. Mara nyingi hasira inakuwa na hoja nzuri lakini imeiweka mahali pabaya.

Yaliyobaki yalipita haraka. "Mwizi" ni hukumu, na hukumu si kazi ya anayedai. "Ninyi watu wa kwenu" nililifuta bila kuuliza. Katika mji huu maneno ya asili ya mtu yana historia mbaya, na ukiyagusa huna tena kesi ya dola 168, una kesi nyingine kabisa. "Mungu anakuona" mdogo wangu alilitetea, akisema ni neno la upole. Si la upole, ni laana iliyovaa nguo ya kanisa, na mzee ataisikia hivyo.

Vitisho: bakiza kile tu utakachokifanya kweli

Barua ilikuwa na vitisho vitatu. Polisi: deni la garanti si jambo la polisi, na ukiwaita unaweza kujikuta unawalipa wao pia. Kutangaza jina Katuba yote: sheria ya jinai ya Kongo inaadhibu maneno yanayomvunjia mtu heshima mbele ya watu, kwa hiyo mdai angeweza kugeuka mshitakiwa. "Utaona": hii haina maana yoyote, na tishio lisilo na maana linamwonyesha msomaji kwamba huna la kufanya.

Tuliuliza: ikiwa hatajibu, utakwenda wapi hasa? Ugomvi wa kodi ya nyumba unaanzia kwenye ofisi ya komine inayoshughulikia mambo ya nyumba, inayoitwa habitat, ambako wanawaita pande zote mbili na kujaribu kuwapatanisha, kabla haujafika mahakama ya amani. Huko ndiko mdogo wangu angekwenda kweli, na risiti mkononi. Tukaliweka hilo moja peke yake, mwisho wa barua, kama habari. Mtu anayetaja ofisi na tarehe hana haja ya herufi kubwa.

Maneno madogo yanayochoma

Kiswahili kina maneno mafupi ambayo yanaweza kuwasha moto hata sentensi ikiwa safi. "Eti" ni la kwanza. "Eti rangi" maana yake ni kwamba uliyosema ni upuuzi, hata kabla sijakujibu. "Kumbe" linamwambia mtu kwamba umemfumania. "Si ndiyo?" na "iko wapi?" ni maswali yasiyotaka jibu. Yageuze yawe maelezo: "feza yangu iko wapi?" inakuwa "mpaka leo sijapokea kitu".

Halafu kuna vitenzi. Lugha yetu inakuruhusu kukiweka kitu mbele badala ya mtu: "umeivunja ahadi" inaweza kuwa "ahadi haijatimia". Hilo linapoza sana, na ni zuri pale usipojua nani hasa alisababisha. Lakini usilitumie kila mahali, maana linaweza pia kumficha mhusika. Tulipofika kwenye garanti yenyewe, mdogo wangu, kwa kuwa sasa ameshapoa, alitaka kuandika "garanti ilitolewa". Ilitolewa na nani, kwa nani? Hapana. "Nilikukabidhi dola 180." Mimi, wewe, kiasi. Hilo si tusi, ni jambo lililotokea, na risiti ipo. Kanuni yangu ni hii: makosa yapewe kitenzi kinachokitaja kitu, ila feza na ahadi zitajwe pamoja na mtu wake.

Hatari ya pili: kupoa kupita kiasi

Baada ya kazi yote hiyo nilimwambia aandike upya peke yake, nikaenda kuhudumia mteja. Niliporudi nilikuta hivi:

> Samahani sana Papa kukusumbua. Najua maisha ni magumu kwa wote. Nilikuwa naulizia tu ile habari yetu, kama umepata hata kidogo unisaidie, hata kesho kutwa si mbaya. Mungu akubariki.

Hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza. Ile ya kwanza angalau ilidai. Hapa deni limegeuka msaada, garanti imegeuka "ile habari yetu", na tarehe imegeuka wakati wowote. Mtu wa heshima anaanguka kwenye shimo hili kirahisi, kwa sababu tumefundishwa kwamba kuongea na mkubwa ni kujipunguza. Ila heshima inakaa kwenye salamu na kwenye neno Papa. Kiasi hakihitaji heshima, kinahitaji kuwa sahihi.

Ili kulikamata kosa hili, kabla ya kuandika upya toa orodha ya madai kwenye daftari, kwa maneno makavu. Yetu yalikuwa matano: nilitoa 180 na risiti ipo, niliondoka vizuri, uliahidi mara mbili, rangi si juu yangu, nataka 168 kwa tarehe fulani. Kisha chukua barua mpya na uweke alama kwa kila dai linaloonekana ndani yake. Barua ya hasira ilikuwa na madai mawili kati ya matano, tena nusunusu. Barua ya samahani haikuwa na hata moja. Inayotakiwa ina yote matano na haina la sita.

Barua iliyokwenda

Mpangilio haukutusumbua: salamu, neno moja la kusema barua inahusu nini, yaliyotokea kwa mfuatano wa tarehe, unachokataa na sababu yake, unachotaka, kitakachofuata. Udhaifu wako, yaani kioo, uweke mapema, kabla ya lawama. Hii ndiyo tuliyoituma; preavi ndani yake ni taarifa ya mapema kwamba mpangaji atatoka:

> Jambo Papa. Natumaini nyumbani wote ni wazima. Nakuandikia juu ya garanti ya nyumba.
>
> Tarehe 25 Februari 2023 nilikukabidhi dola 180, na risiti yako ninayo. Nilikupa preavi tarehe 29 Januari 2024, nikatoka tarehe 30 Aprili bila deni la kodi. Siku hiyo tulipita vyumba vyote pamoja, tukakuta kioo kimoja cha chumba cha nyuma kimevunjika. Kilivunjwa na mtoto wangu. Fundi aliomba dola 12 pamoja na kazi, nakubali ziondolewe.
>
> Uliniahidi kunirudishia tarehe 15 Mei, halafu tarehe 31 Mei. Tangu tarehe 3 Juni nyumba ina mpangaji mwingine. Mpaka leo sijapokea kitu.
>
> Kuhusu dola 50 za rangi: doa la ukutani lilitokana na bati lililovuja. Nilikutumia picha tarehe 11 Januari, na fundi wako alikuja kuziba mwezi wa Februari. Kwa hiyo sikubali zikatwe kwenye garanti.
>
> Naomba unirudishie dola 168 kabla ya Ijumaa tarehe 28 Juni, mkononi au kwa simu. Kama zote hazipatikani mara moja, niambie kabla ya siku hiyo utatoa kiasi gani na tarehe gani, tuandike na tutie sahihi. Siku hiyo ikipita bila jibu, nitapeleka karatasi zetu kwenye ofisi ya habitat ya komine ili watusikilize wote wawili.
>
> Asante, Papa.

Angalia sentensi ya "kama zote hazipatikani". Mdogo wangu aliona ni udhaifu. Mimi nilijua, kama kila mtu mtaani alivyojua, kwamba mzee hana dola 168 mfukoni. Mtu ukimdai asichonacho bila kumwachia mlango, atakukimbia. Mlango tulioacha ulikuwa mwembamba: kiasi, tarehe, sahihi. Na Ijumaa hiyo haikuchaguliwa ovyo. Jumapili ilikuwa tarehe 30 Juni, sikukuu ya uhuru, na baada ya sikukuu hakuna mtu mwenye feza.

Kabla ya kutuma

Msomee mtu asiyejua kesi, kisha umuulize mambo matatu: nataka nini, kiasi gani, lini. Mimi nilimwita kijana anayeuza kredi ya simu mbele ya kibanda. Alijibu yote matatu. Nikamuuliza la nne: "Anayeandika amekasirika?" Akasema, "Hajakasirika, ila hatanii." Angesema "maskini, anaomba", tungerudi kwenye daftari.

Jaribio lingine ni kuisoma kana kwamba wewe ni karani wa ile ofisi ya habitat, kwa sababu huenda ndiye atakayeisoma kweli. Je, kuna mstari ambao ungeona haya mbele yake? Barua ya kwanza isingepita mlango ule.

Kisha iache ilale. Tuliimaliza Ijumaa jioni, tukaituma Jumamosi tarehe 22 asubuhi. Usitume usiku. Ujumbe wa deni ukimfikia mtu saa tano za usiku unasomeka kama ugomvi hata ungekuwa na salamu kumi.

Jibu likija na moto

Mzee alijibu kwa sauti ya dakika nne. Alisema watoto wa siku hizi hawana adabu, kwamba alimkaribisha kama binti yake, kwamba komine haimtishi. Katikati, karibu dakika ya tatu, akasema: "Na hiyo rangi, basi, tuseme nusu."

Kosa ambalo wengi wanalifanya hapa ni kujibu dakika zote nne. Tulisikiliza mara mbili na kalamu mkononi, tukaandika yale tu yanayogusa madai matano. Lilikuwa moja, la rangi. Adabu, ubinti na komine hayakuwa kwenye orodha, kwa hiyo hayakupata jibu. Mdogo wangu aliandika: "Nimekusikia, Papa. Asante kwa kunikaribisha. Juu ya rangi, picha ya tarehe 11 Januari inaonyesha doa lilitoka kwenye bati, nakutumia tena hapa. Nangojea Ijumaa." Akaiambatanisha picha.

Alhamisi mzee alituma dola 100 kwa simu. Ijumaa walikutana kwenye lupango, yaani uwanja wa ile nyumba, mbele ya jirani aliyeshuhudia funguo zikirudishwa, wakaandika kwenye karatasi ya daftari kwamba dola 68 zinabaki hadi tarehe 20 Julai. Fotokopi mbili nilizitoa mimi, na mzee ndiye aliyelipa.